Saa janja inasema 54, nikihesabu mwenyewe asubuhi napata 62. Nishike ipi?

Wakuu habari, naomba ushauri kwa wanaofuatilia mapigo ya moyo. Nikiamka tu, kabla sijatoka kitandani, naweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba nahesabu dakika nzima, napata 62 hivi, ila saa inaniandikia mapigo ya kupumzika 54. Sihesabu sekunde 15 nikazidisha kwa 4 maana hapo ukikosea pigo moja tayari umekosea manne, so nadhani tatizo sio kuhesabu.

Ninavyoelewa, saa nyingi zinachukua kile kipindi moyo umetulia kabisa usiku, mara nyingi usingizini, wakati mimi napima mwili ukiwa umeshaanza kuamka, alamu imelia, mkojo umebana, na kuamka kwenyewe kunapandisha mapigo. Kama ni hivyo basi namba zote mbili ni sahihi ila zinapima vitu tofauti, au nakosea?

Kinachonifanya niamini hivyo ni kwamba nikihesabu huku nimeisoma saa palepale, inaonyesha 61 au 62, tunalingana. Ingekuwa hata palepale tunapishana sana ningesema mkanda umelegea au mapigo yangu hayaendi sawasawa, na hapo ningeenda kwa daktari.

Sasa nataka kuandika namba moja kila siku nijue mazoezi yananisaidia. Mnaotumia hizi saa mnafuata ya usiku au ya mkono? Na kuna saa zinazochanganya na mchana pia, unajuaje yako inafanyaje?