Kwizi ya Ijumaa kwenye grupu la ukoo: Victoria na Tanganyika

Shangazi Neema: Haya jamani saa tatu imefika kwizi inaanza. Leo ni maziwa mawili tu, Victoria na Tanganyika, humo humo kuna jiografia, hesabu na baiolojia. Mshindi namrushia vocha ya buku tano. Anayegugo nitamjua maana atajibu kama kitabu 😂

Baraka: twende twende hiyo vocha ni yangu

Mama Zawadi: naosha vyombo anzeni taratibu

Shangazi Neema: Swali la 1, jiografia. Ziwa lipi lina maji mengi zaidi? Na useme kwa nini.

Baraka: VICTORIA. ndo kubwa kuliko yote Afrika hili swali la darasa la nne shangazi

Wifi Akinyi (Nairobi): Victoria, si hata tumegawana nchi tatu

Mama Zawadi: maji mengi wapi, mimi naishi Mwanza ziwa naliona dirishani na bomba halijatoa tone toka jumanne

Mjomba Juma (Kigoma): Tanganyika. Huku ukitoka ufukweni kidogo tu unashusha nanga kamba inaisha na chini hujafika

Shangazi Neema: Mjomba kapata. Sikilizeni, kwa eneo Baraka yuko sawa, Victoria ina kama kilomita za mraba 68,000 na Tanganyika kama 33,000, haifiki hata nusu. Ila Victoria ni sinia, pale penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 basi. Tanganyika inafika mita 1,470, duniani inashindwa na Baikal ya Urusi tu. Sababu ni kwamba Tanganyika imelala ndani ya Bonde la Ufa lenyewe, ardhi ilitanuka ikapasuka na kipande cha katikati kikazama, na imekuwa ikizama kwa mamilioni ya miaka. Victoria haiko ndani ya ufa, iko katikati ya mikono miwili ya ufa, kule pembeni ardhi ikainuka, hapa kati pakabaki pamebonyea kidogo maji yakajikusanya.

Baraka: kwa hiyo nipewe nusu, nimesema kubwa na ni kubwa

Shangazi Neema: Hukuulizwa kubwa baba. Sifuri. Swali la 2, hesabu. Kina cha wastani cha Victoria chukueni mita 40, Tanganyika mita 570. Maeneo nimeshawapa hapo juu. Maji ya Tanganyika ni mara ngapi ya Victoria?

Baraka: 570 gawanya kwa 40 ni 14.25. mara 14 kasoro hakuna. vocha hiyoo

Wifi Akinyi: wueh sasa mnatutoa jasho ijumaa usiku

Zawadi: Shikamooni. Ni karibu mara 7. 33,000 × 0.57 = 18,810 na 68,000 × 0.04 = 2,720, ukigawanya inakuja 6.9. Mita nimezigeuza kilomita kwanza

Baraka: we mtoto si ulikuwa umelala

Shangazi Neema: Marahaba mwanangu, umepata. Baraka hesabu yako sio mbaya ila umeishia njiani, umelinganisha kina ukasahau upana. Tanganyika ina kina mara 14 ndiyo, lakini Victoria ni pana mara mbili, kwa hiyo ile 14 inakatwa nusu, inabaki 7. Ukiiona hivyo huhitaji hata kalkuleta.

Baraka: sawa nimeelewa ila roho inauma

Shangazi Neema: Swali la 3, hesabu tena, mtego. Uso wa maji ya Tanganyika uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kina nimeshawaambia 1,470. Je sakafu ya ziwa pale penye kina zaidi iko wapi ukilinganisha na bahari?

Wifi Akinyi: 770 + 1,470 = 2,240

Mama Zawadi: 700

Shangazi Neema: 700 juu au chini?

Mama Zawadi: chini, unashuka 770 unaikuta bahari zinabaki 700 za kushuka tena. mi vyombo nimemaliza ndo maana akili imefunguka

Shangazi Neema: Hongera Mama Zawadi 👏 Akinyi umejumlisha wakati tunashuka. Na mkijaribu Victoria, uso uko kama mita 1,134, toa 80, sakafu bado iko zaidi ya mita 1,050 juu ya bahari. Yaani ukisimama chini kabisa ya Victoria bado uko juu kuliko mtu aliyepanda mtumbwi Kigoma.

Mjomba Juma: Hapo hapana. Kama chini huku ni chini ya bahari mbona bahari haijaingia, maji yetu si yangekuwa ya chumvi

Shangazi Neema: Ingepita wapi mjomba? Bahari haitoboi nchi kavu, ziwa limezungukwa na milima pande zote. Maji yenu yakizidi yanatoka upande wa Kongo kwa mto Lukuga. Yanayoshuka ni ya ziwa, ya bahari hayapandi.

Mjomba Juma: Mh. Nitaulizia

Shangazi Neema: Swali la 4, baiolojia. Dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza ni samaki wa aina moja?

Baraka: moja, tofauti ni bei tu 😂

Wifi Akinyi: dagaa si ni omena? zote omena

Mjomba Juma: Sio aina moja! Wa Kigoma hana mchanga, ni mtamu, halafu anang'aa

Shangazi Neema: Jibu umepata, sababu umekosa. Mchanga unatokana na kuanikwa chini, hata wa Mwanza akianikwa kwenye chanja hana mchanga. Tofauti ni ukoo. Dagaa wa Kigoma ni sadini kabisa, ndugu zake ni wale wa baharini wanaowekwa kwenye mikebe. Dagaa wa Mwanza, omena ya Akinyi, ni wa upande wa akina ningu. Wamefanana kwa udogo na kung'aa kwa sababu wanaishi maisha yale yale, makundi makubwa kwenye maji ya wazi. Mjomba una wabichi hapo? Pitisha kidole tumboni toka mkiani kwenda kichwani, wa kwenu utasikia vimiba.

Mjomba Juma: Hilo kweli, vinakwaruza. Nilikuwa najua ni magamba

Shangazi Neema: La mwisho. Kwa nini wavuvi wa Kigoma hawatafuti samaki kwenye mita 1,000, na maji yapo?

Baraka: nyavu hazifiki

Zawadi: Hakuna oksijeni huko

Shangazi Neema: Zawadi tena. Juu maji yana joto mwaka mzima, ya chini yana baridi na ni mazito, hayachanganyiki, kwa hiyo hewa ya juu haifiki. Kuanzia kama mita 100 au 200 kwenda chini samaki hawezi kuishi. Ziwa kubwa lote lile, panapokaliwa ni ule utando wa juu tu.

Mjomba Juma: Ndo maana hata sisi tunawavuta juu kwa taa. Na mwezi ukiwa mkubwa hatuendi, mwanga unatapakaa kila mahali dagaa hawaji kwenye taa. Ila nina swali, upepo wa kusini ukivuma kiangazi samaki wanaongezeka, si ina maana maji yanachanganyika?

Shangazi Neema: Kidogo, hasa kule kusini upande wa Zambia, upepo unasukuma maji ya juu kuja kaskazini na ya chini yanapanda na rutuba. Hayafiki yale ya chini kabisa.

Mjomba Juma: Wazee huku wanasema ziwa "linageuka". Mi nawaamini wazee

Baraka: matokeo jamani

Shangazi Neema: Zawadi 2, Mjomba moja na nusu, Mama Zawadi 1

Mjomba Juma: Nusu?? Swali la 4 nilipata jibu zima

Mama Zawadi: vocha tuma kwa namba yangu, Zawadi simu ni ya kwangu anayotumia