Gunia la viazi kwenye mti wa watu wawili: nilitundike wapi mdogo wangu asizidiwe?

MkulimaMtae
Habari za leo wakuu. Nipo Lushoto, huku kwetu mashamba yamekaa ubavuni mwa milima na pikipiki haifiki. Viazi vinatoka shambani kwa mabega mpaka barabarani. Mimi na mdogo wangu wa miaka 16 tunalifunga gunia kamba, tunapitisha mti wa mkaratusi, kila mmoja anaweka upande wake begani na gunia linaning'inia katikati yetu. Gunia letu ni kilo 80 hivi, hatujazi lumbesa.

Sitaki kijana abebe zaidi ya kilo 30, mwili wake bado unakua. Kwa hiyo nimelivuta gunia upande wangu: kutoka begani kwangu mpaka kwenye kamba ni sentimita 70, kutoka kwenye kamba mpaka begani kwake ni 130. Bado analalamika ni zito. Naomba kujua, hapo kila mmoja anabeba kilo ngapi? Na tukianza kuteremka, mzigo unahamia kwa nani?

Kisiki
Ndugu, hesabu nyepesi hiyo. Mti wote ni 200. Wewe uko 70, chukua 70 gawa kwa 200 zidisha kwa 80, unapata 28. Yeye yuko 130, anapata 52. Ndiyo maana kijana analia! Lirudishe gunia upande wake.

FundiMizani
Kisiki, namba zako ni sahihi ila umewapa watu wasio wao. Jaribu kulisogeza gunia mpaka liguse bega la MkulimaMtae. Umbali wake unakuwa sifuri, na kwa hesabu yako anabeba sifuri, wakati kila mtu anajua hapo amelibeba lote peke yake.

Liangalie hivi. Bega la kijana limetulia, na mti unataka kuzungukia hapo. Gunia linauvuta chini likiwa sentimita 130 kutoka kwake, na bega la kaka yake linauzuia likiwa sentimita 200 kutoka kwake. Anayezuia kwa mbali anahitaji nguvu ndogo kuliko anayevuta kwa karibu, kwa hiyo kilo za kaka ni 80 × 130 ÷ 200, yaani 52. Kijana ni 80 × 70 ÷ 200, yaani 28. Kila mtu anatumia umbali wa mwenzake.

MkulimaMtae
Asante sana mkuu. Lakini kama ni 28, mbona anazidiwa? Si kijana wa kudeka, namjua.

FundiMizani
Nakuamini, na nadhani kijana anasema kweli. Nijibu mawili. Huo mti ni mbichi au mkavu, na una unene gani? Halafu mkiwa njiani, bega lake linabaki palepale ulipopima, au anaingia ndani kidogo?

MkulimaMtae
Mbichi, tulikata juzi, unene kama wa kifundo cha mkono wa mtu mzima au zaidi kidogo. Na ni kweli, mti una urefu wa ziada kila upande. Yeye huanza nchani, tukifika kwenye majani anasogea ndani ili ushike vizuri.

FundiMizani
Hapo ndipo kilo zinapojificha. Mkaratusi mbichi wa unene huo na urefu wenu unaweza kukaribia kilo 10. Mkiubeba sawasawa, kila mmoja ana 5 kabla hata gunia halijatundikwa. Kijana sasa ana 33.

Kisha anaingia ndani, tuseme sentimita 30. Kamba haijasogea, bado iko 70 kutoka kwako, ila kutoka bega hadi bega sasa ni 170. Piga upya: 80 × 70 ÷ 170, karibu 33 za gunia peke yake. Weka na mti, anafika 38 hivi. Wewe nawe umepunguziwa kilo 5 bila kujua, ndiyo maana husikii tofauti mbaya. Pima toka bega hadi bega mkiwa mnatembea, urefu wa mti wenyewe hausemi kitu.

Angalia pia upande wa shina uko kwa nani. Shina ni nene na zito, lichukue wewe.

MamaKibuyu
Mimi nachota maji kwa mti mmoja begani na ndoo mbili, moja mbele moja nyuma. Nikisogeza ndoo kubwa karibu na bega, naona nafuu. Kwa hiyo na yeye alisogeze tu gunia karibu zaidi.

FundiMizani
Dada, kwako bega ni moja na linabeba ndoo zote mbili popote utakapoziweka. Ukisogeza ile kubwa unazipatanisha tu, mti usikuangukie upande mmoja. Nafuu ni ya mikono kutoung'ang'ania mti. Wao wana mabega mawili yanayogawana.

Na kulisogeza zaidi kuna mpaka. Gunia lililojaa ni pana, likikaribia sana linampiga kaka magotini kila hatua. Likianza kumgonga, litayumba, na myumbo huo kijana anausikia begani kama mtu anamkandamiza na kumwachia.

MzeeWaUbavuni
Vijana, mimi nimebeba milimani tangu ujana. Hesabu za tambarare ziacheni huko huko. Kwenye mteremko mzigo huenda kwa aliye chini, basi. Mtangulize mwenye nguvu.

FundiMizani
Shikamoo mzee. Nakubaliana na wewe kwa sehemu. Kama kamba inateleza, gunia hushuka lenyewe kuelekea kwa aliye chini na umbali wote unabadilika. Hilo hutokea sana kwa mkaratusi uliotoka kumenywa ganda. Dawa yake ni kuchonga mkato mdogo pale kamba inapokaa na kuizungusha mara mbili kabla ya kukaza.

Ila kamba ikikaa palepale na gunia likaning'inia huru, mti ukiinama umbali wote wawili unapungua kwa kiasi kilekile, na mgao unabaki 52 kwa 28. Hata kama mmoja ni mrefu na mwingine mfupi. Gunia likifungwa kwa kubanwa kabisa na mti, lisiweze kuning'inia, uzito wake unarudi kidogo kwa aliye juu.

MzeeWaUbavuni
Marahaba. Mkato tunachonga siku zote, na bado wa chini ndiye anayepondeka. Anafunga breki kwa wote wawili, mwenzake anamsukuma kwa mti. Hilo halimo kwenye hesabu yako.

FundiMizani
Kweli mzee, halimo. Hesabu yangu ni ya mabega yanayobeba wima tu. Msukumo wa kufuata mti una uzito wake, na unategemea jinsi wanavyotembea, sitaupa namba.

MkulimaMtae, kwa kijana wako ningeanza na gunia lenyewe. Toa viazi libaki kilo 70, kamba iache palepale, mtie alama ya mkaa pale bega lake linapotakiwa kukaa. Gunia litampa 24 na nusu, mti 5, jumla 29 na nusu. Wewe utakuwa na 50 na nusu. Mti ukikauka mtapungukiwa wote wawili.

MkulimaMtae
Nimeelewa, mkuu. Mnunuzi wa barabarani ana mizani ya kuning'iniza, nitamwomba tutundike upande wa kijana tuone inasoma ngapi mti ukiwa umelala sawa. Mzee, kwenye mteremko nitatangulia mimi. Kuna kipande kimoja cha kupanda kabla ya barabara: hapo tubadilishane nafasi, au abaki nyuma?

MzeeWaUbavuni
Kipandeni mkiwa mmelishusha gunia na kupumzika kwanza. Halafu yeye atangulie.