Nimepewa 0 kati ya 12 kwenye swali la sabneti, na msahihishaji ndiye aliyekosea

Wakuu, nimetoka kuangalia karatasi yangu ya mtihani wa netiweki, chuo fulani hapa Mwanza, na hadi sasa nimekaa kituoni Buzuruga daladala zinanipita tu.

Swali lilikuwa hivi: kampuni ya samaki ina 192.168.40.0/24, gawanya mtandao wote katika sabneti 4 zilizo sawa kwa ofisi za Kirumba, Nyegezi, Igoma na Sengerema. Kila ofisi ina kompyuta 25. Taja maski (alama 2), anwani za kutumika za kila ofisi (alama 8), na idadi ya hosti kwa kila sabneti (alama 2).

Niliazima biti 2, kwa sababu 2 × 2 ni 4. Maski 255.255.255.192, hosti 62. Kirumba nikawapa .1 hadi .62, Nyegezi .65 hadi .126, Igoma .129 hadi .191, Sengerema .193 hadi .254.

Mkasi juu ya mkasi! Mwongozo wake unasema maski ni 255.255.255.224, hosti 30, na Kirumba waanze .33. Nilipouliza .1 hadi .30 zimeenda wapi, nikajibiwa "sabneti ya kwanza na ya mwisho hazitumiki, ndiyo maana tunatoa 2." Kwa hesabu hiyo biti 2 zinazaa sabneti 2 tu, basi anaazima 3 apate 6. Mwaka gani huu jamani? Na kwa alama hizi sapu inaninukia.

Dagaa_Mbichi: Pole, ila mimi naona mwalimu yuko sawa. Kompyuta 25 zinaingia kwenye 30. Wewe umewapa nafasi 62 za nini? Huo ni ubadhirifu.

Waya_wa_Igoma: Dagaa una hoja, lakini nusu. Swali lingesema "bana anwani", maski ya .224 ingetetewa. Limesema mtandao wote, vipande 4 sawa. Ukitumia .224 unapata vipande 8, sasa vinne vilivyobaki ni vya nani? Na hata ukiikubali hiyo .224, kuanzia .33 hakuna utetezi.

Katazo hilo lilikuwepo kweli, liko kwenye RFC 950 ya 1985. Ruta zilizotumia RIP toleo la kwanza hazikutuma maski. Ukimtangazia jirani 192.168.40.0, hajui unasema mtandao mzima au kipande chake cha kwanza. Mwishoni vilevile: .255 ni brodikasti ya kipande cha mwisho na ya mtandao mzima. Maski zilipoanza kusafiri pamoja na njia, utata ukaisha, na RFC 1878 ya Desemba 1995 ikasema desturi hiyo imepitwa na wakati. Kwenye Cisco, tangu IOS 12.0 `ip subnet-zero` imewashwa yenyewe. Mpeleke maabara mbele ya ruta:

```
interface g0/0
ip address 192.168.40.1 255.255.255.192
```

Ikikubali, muulize nani kaikataza. Ile 2 inatolewa kwenye hosti, maana 64 ukitoa anwani ya mtandao na brodikasti unabaki na 62. Yeye kaihamishia kwenye sabneti.

Ila na wewe mleta uzi, angalia Igoma yako. Hiyo .191 ni brodikasti. Ukimpa mtu, kompyuta yake itakataa.

Mleta uzi: Duh. Nimeiona. Basi 11, siyo 12. Lakini siyo 0!

Binti_Kirumba: Afadhali wewe ulikuwa sahihi. Mimi niliandika .240 kwa haraka, kisha nikaruka 16, 16, nikaandika hosti 14. Kila kitu kinaendana na maski yangu, na bado nimepewa 0. Kosa moja nimelipia mara sita.

Chaki_Nyeupe: Mimi nasahihisha hayo masomo, siyo chuo chenu. Kwako Binti ningekata 2 za maski, halafu nifuate hesabu yako mwenyewe. Ila ningekukata tena kidogo, kwa sababu hosti 14 na swali limesema 25. Hapo ulipaswa kushtuka. Wenzangu wengi hawafuati, wanalinganisha tarakimu na mwongozo tu. Karatasi 180, usiku, umeme wenyewe wa kubahatisha.

Sato_Mkaango: Wakuu, hii 192.168 ndiyo ile ya kuingilia kwenye wifi? Yangu Mabatini inakatika kila jioni.

Waya_wa_Igoma: Fungua uzi wako mkuu.

Mleta uzi: Mrejesho. Nimerudi na ruta imekubali mbele yake. Kasema "hiyo ni maabara, mtihani ni mtihani." Fomu ya rufaa inalipiwa, na dirisha linafungwa Ijumaa.

Dagaa_Mbichi: Bado nasema 62 ni nyingi.