USO au USL: upi unafaa kushikilia mafuta ghafi miaka miwili?

Mwanabandari:
Wadau, nataka kuweka fedha kwenye mafuta ghafi kwa miaka miwili hivi, kupitia dalali wa soko la Marekani. Nalinganisha mifuko miwili ya uwekezaji inayouzwa kama hisa, ambayo hununua mikataba ya kupokea mafuta mwezi fulani ujao. USO, ulioanza 2006, kwa miaka mingi ulishika mkataba wa mwezi wa karibu tu, ukiuuza kabla haujaisha na kununua wa mwezi unaofuata. USL hugawa fedha zake kwenye mikataba ya miezi 12 mfululizo. Kinachonitatiza ni 2009: WTI, mafuta ghafi ya Marekani, ilitoka kama dola 45 kwa pipa hadi karibu 79, ila USO haukupanda hata asilimia 20. Ada haiwezi kula kiasi hicho.

Kijana_wa_Chati:
Hiyo ni kontango, mkuu. Mwezi wa mbele unakuwa ghali kuliko wa sasa. Mfuko unauza kwa 20, unanunua kwa 25, papo hapo umepoteza dola 5 kila pipa. Achana na USO, ulizama Aprili 2020 mafuta yalipofika hasi 37.

Bi_Hesabu:
Kijana, ugonjwa umeutaja sawasawa, lakini siku ya kuhama mfuko haupotezi chochote zaidi ya gharama za biashara. Chukua mikataba 100, kila mmoja mapipa 1,000. Ukiiuza kwa dola 20, una milioni 2. Ukinunua wa mwezi unaofuata kwa 25, unapata mikataba 80 na thamani ni ileile milioni 2. Ulichopunguza ni mapipa.

Hasara huja polepole baada ya hapo. Tuseme mafuta ya kuchukuliwa leo yanabaki dola 20 mwezi mzima. Mkataba wako wa 25 utateremka kuifuata bei hiyo kadiri siku zinavyokwisha, na mwishoni mapipa 80,000 kwa dola 20 ni milioni 1.6. Asilimia 20 imekwenda na gazetini bei haijasogea. Mafuta yakipanda hadi 25, hujapoteza kitu, ila aliyetazama bei ya gazetini atadhani umepata faida ya robo nzima. Ndivyo 2009 ilivyokwenda.

Na USO haukuwa na mkataba wa Mei 2020 siku ulipofungwa kwa hasi 37.63. Ulikuwa umeshahamia Juni. Kilichouumiza ni Juni yenyewe kushuka kutoka 20.43 tarehe 20 Aprili hadi 11.57 siku iliyofuata.

Juma_Maskati:
Mimi nilinunua USO Machi ile. Baadaye chati ikaonyesha bei imeruka juu, nikashangilia, kumbe hisa zangu 800 zimekuwa 100.

Bi_Hesabu:
Ndiyo kaka, mwishoni mwa Aprili waliunganisha hisa nane kuwa moja. Thamani haikuongezeka.

Mkulima_Mbozi:
Nina kahawa ghalani. Kama bei za miezi ya mbele ziko juu, niishike tu?

Bi_Hesabu:
Swali lako ni la upande wa pili, ndugu yangu, nao ndio unaokula kontango. Mwenye matangi pale Cushing, Oklahoma, hununua pipa la leo na siku hiyohiyo huuza mkataba wa mbele. Tofauti ikizidi kodi ya tangi, bima na riba, kilichobaki ni chake. Mwaka 2009 na 2020 wafanyabiashara walikodi hata meli kubwa wakahifadhi mafuta baharini. Wewe ukishika magunia bila kuuza mbele, unabahatisha bei tu. Na kahawa yako ilingane na daraja ambalo mkataba unalikubali.

Mwanabandari:
Basi USL ndio jibu?

Bi_Hesabu:
Si kila wakati. Mafuta yakiwa haba, kama sehemu kubwa ya 2022, mkunjo, yaani mstari wa bei za mikataba mwezi kwa mwezi, hugeuka, mwezi wa karibu unakuwa ghali kuliko wa mbele. Hapo ndipo bakwadesheni. Unauza kwa 80, unanunua kwa 76, mikataba 100 inakuwa kama 105, na bei ikibaki 80 umepata asilimia 5 bure. Kwa kawaida mwezi wa karibu ndio hufaidi zaidi hapo, na USL huachwa nyuma. Pia mwaka 2020 USO ulitawanya mikataba yake kwenye miezi kadhaa, kwa hiyo huenda chati ya 2009 isikuonyeshe mfuko ulioko leo. Kabla ya kununua, fungua bei za WTI za miezi 12 uone zinapanda au zinashuka, kisha tazama orodha ya mikataba ambayo mfuko wenyewe hutangaza.

Kijana_wa_Chati:
Lakini kama mkunjo kila mtu anauona, si tayari umo kwenye bei? Mwenye kontango ya 25 anasema mafuta yatafika 25.

Bi_Hesabu:
Sikubali kabisa. Mara nyingi 25 inaeleza gharama ya tangi na riba, haitabiri. Ila siwezi kukuapia kwamba hakuna utabiri ndani yake.

Mwanabandari:
Leo miezi ya karibu iko juu, ya mwakani iko chini. Nitaanza na nusu USO. Hiyo nusu nyingine bado sijui, maana miaka miwili mkunjo unaweza kugeuka mara ngapi?