Mrejesho: Nimewaunganisha mfuga nyuki na mwenye duka

Niliuliza: "Nina dada mfuga nyuki Tabora na kaka mwenye duka la vyakula Dar. Nawaunganishaje WhatsApp bila yeyote kujiona amelazimishwa, nami nisibaki tarishi wao?"

Wakuu, nashukuru mno. Nilianza na ushauri wa kuomba ridhaa ya kila mmoja pembeni, na huo ndio ulionisaidia kuliko yote. Dada alikubali, ila akasema mchana yuko porini kwenye mizinga, hapokei simu. Anapenda ujumbe wa sauti jioni.

Kisha nikafungua kundi la watatu, nikaandika:

"Dada, huyu ndiye kaka niliyekwambia, anatafuta asali ya miombo kwa duka lake. Kaka, dada anarina mwenyewe huko Tabora, hupatikana jioni. Kaka ataanza kwa kusema anahitaji kiasi gani na ndoo au chupa. Bei mtapanga wenyewe."

Kumtaja wa kuanza kulisaidia sana: kaka aliandika usiku uleule, dada akajibu kwa sauti. Walipoanza kuulizana wenyewe, nikaaga na kujitoa kundini.

Kilichokwama ni bei. Kila mmoja alinifuata pembeni kuuliza kama mwenzake anamzidishia. Wote niliwajibu, "Mwulize mwenyewe, hatachukia." Kaka aliuliza, dada aliona haya, akakaa kimya kidogo kabla ya kurudi. Hadi sasa limesafirishwa dumu la kuonjea tu, oda kubwa bado. Ila wanaongea moja kwa moja, mimi simo.