Bili ya emajensi: eksirei imetozwa mara mbili au naona vibaya?

Rehema, Columbus
Ndugu zangu, habari za siku. Mwezi uliopita mume wangu alibanwa na kifua usiku, tukamkimbiza emajensi. Alfajiri wakaturudisha nyumbani, moyo hauna shida, alhamdulillahi. Sasa bili zimeanza kuja, tena si moja: ya hospitali, ya daktari, na ya kampuni moja ya eksirei ambayo hata hatuijui. Eksirei naiona kwenye bili mbili. Maabara wameandika mstari mmoja tu, dola 1,312. Nilipe au nigome?

Bakari
Shemeji, goma. Kifua kimoja, eksirei mbili? Wizi wa mchana. Usitoe hata senti mpaka wakupe mchanganuo. Na ile karatasi ya bima iliyoandikwa "This is not a bill" itupe, inakuchanganya tu.

Mama Neema
Mdogo wangu Bakari, kwenye kutolipa haraka uko sahihi. Ila hiyo karatasi ya bima ndiyo ya kushika kuliko zote, maana inaonyesha kila mstari bima imekubali kiasi gani, imekataa nini, na wewe unabaki na deni gani. Bili ya hospitali ikizidi hapo, una pa kuanzia.

Dada Rehema, mimi kazi yangu ni kuandika hizi bili. Piga simu useme unataka "itemized bill with CPT codes", yaani bili inayoonyesha kila huduma na namba yake. Usikubali kutumiwa muhtasari tena. Ukipata, weka hapa namba tu, jina la mgonjwa lifiche.

Bi Mwanaidi
Mimi niliondolewa kizazi mwaka 2016. Mwaka jana kwenye bili yangu nakuta 81025, kipimo cha mimba! Nikaingia MyChart, kule mtandaoni hospitali wanakoweka majibu ya mgonjwa, kutafuta jibu lake, hakuna jibu. Kumbe hawakupima kabisa. Walikifuta, lakini hadi simu ya tatu.

Mzee Salim
Mkwe wangu anakuja kututembelea kutoka Tanga mwezi wa sita. Bima ipi ya safari ni nzuri?

Mama Neema
Mzee wangu, shikamoo. Hilo lianzishie mada yake, litapotea humu.

Rehema
Nimeipata, baada ya siku tisa:

```
99284  x1
71046  x1
93005  x1
85025  x1
80053  x1
80048  x1
84484  x2
36415  x2
```

Mama Neema
Ahsante. Nianze na eksirei, maana ndiyo iliyokuudhi. 71046 ni picha ya kifua. Hospitali inatoza mashine na mpigaji, na yule daktari asiyeonekana anatoza kuisoma. Tazama bili ya ile kampuni: ikiwa 71046-26, ile 26 maana yake wametoza kusoma tu, hapo hakuna kosa. Ikiwa 71046 tupu, wanataka kulipwa picha nzima upya. Wapigie.

84484 ni troponini, kipimo cha kuona kama moyo umeumia. Inaonekana imejirudia, lakini kwa mtu wa kifua hurudiwa makusudi baada ya saa kadhaa, kwa sababu mara ya kwanza inaweza kuwa mapema mno. Angalia saa kwenye MyChart. Majibu mawili, saa mbili tofauti, basi ni halali.

Kinachonikera ni 80053 na 80048. Ya kwanza ni vipimo 14 vya kemia ya damu, ya pili ni 8, na vyote 8 vimo ndani ya zile 14. Kama damu ni ya saa moja, umetozwa chai ya maziwa, kisha maziwa yake pembeni. Kabla hujapiga simu, angalia kama bima ilishaukataa mstari huo. Ikiwa ilishaukataa na hospitali ina mkataba na bima yenu, kwa kawaida hawana haki ya kukutupia wewe.

Bakari
Na 99284? Nne ya nini? Alilala kitandani tu.

Mama Neema
Ngazi ya emajensi, kuanzia 1 hadi 5. Hapo mimi mwenyewe sina uhakika. Kila hospitali ina vigezo vyake vya kupanga ngazi kwa upande wake. Waombe vigezo hivyo kwa maandishi. Kwa kifua, ECG ya moyo na damu mara mbili, nne haishangazi.

Rehema
Nimerudi. Ya kampuni ni 71046-26, nimenyamaza. Troponini: saa 7:40 usiku na saa 10:55. Hizo mbili za kemia zote ni saa 7:40, na bima ilikataa 80048. Hospitali wamesimamisha deni wakati wanaikagua, nimeandika jina la aliyenipokea na namba ya rejea. Kuhusu 36415, ile ya kuchomwa sindano kutoa damu, mara mbili, amesema sindano zilikuwa mbili. Mume wangu anasema alichomwa mara moja, ya pili wakatoa damu kwenye mpira wa dripu. Naandika barua nyingine.