Tupeane uzoefu: Kuomba kazi kwenye shule au shirika la dini bila kujivika imani usiyokuwa nayo

ChakiMkononi
Wakuu, mimi ni mwalimu wa hisabati. Mwaka jana niliomba kazi shule ya kanisa, nikaandika kwenye barua: "Imani yangu ndiyo nguzo ya maisha yangu yote." Ukweli ni kwamba nilibatizwa utotoni, na siku hizi ibadani naenda kwenye harusi na misiba tu. Siku ya usaili nikaikuta barua yangu mezani, mstari ule umepigiwa kalamu nyekundu. Mkuu wa shule akaniuliza kwa upole, "Tukimwandikia mchungaji wako, atatuambia nini juu yako?" Nilikaa kimya mpaka akanisogezea glasi ya maji. Kazi sikupata.

Sasa imetokea nafasi nyingine ya namna ile ile, na namna wanavyolea watoto naipenda kwa dhati. Ninyi mliandikaje?

Mzee wa Usaili
Pole, mwalimu. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo miaka mingi. Kabla hujaandika neno, soma kitenzi kilichotumika kwenye tangazo. "Awe muumini hai" ni sharti, na hakuna ufundi wa barua utakaokuvusha hapo. Lakini "awe tayari kuunga mkono maadili ya shule" hawakuulizi unaamini nini, wanakuuliza utaishije pale ndani. Basi jibu hilo hilo: "naunga mkono", "nitashiriki". Neno "naamini" liweke tu pale ambapo uko tayari kuulizwa swali la pili.

Na usiishie kulitaja adili. Lifunge kwenye jambo ulilolitenda, maana "napenda huruma na uadilifu" tunaisoma kwenye kila barua.

Nyuki
Mimi nasema dini usiitaje kabisa. Wanaajiri mwalimu wa hisabati, hawaajiri padri. Mimi niliandika vyeti na uzoefu tu, nikapata.

Mzee wa Usaili
Kwa barua ya fundi umeme ningekubaliana nawe, Nyuki. Mwalimu anakaa na watoto kutwa nzima. Tangazo likitaja maadili nawe ukayaruka, msomaji anaona barua hiyo hiyo imetumwa shule ishirini.

Mama Pacha
Samahani, na kwenye fomu ya kumwandikisha mtoto ni hivyo hivyo? Wameuliza dhehebu la wazazi, na sisi baba ana lake, mimi nina langu.

Nyuki
Mama Pacha, hapa tunaongelea ajira. Ila jaza yote mawili kama yalivyo.

Daftari la Hesabu
Mimi ni mhasibu, Mkristo, na niliomba kazi shirika la misaada la Kiislamu. Rasimu ya kwanza nilianza kwa salamu ndefu ya Kiarabu na aya niliyoinakili. Rafiki yangu Mwislamu akaisoma, akaniambia, "Dada, hapa unaigiza, na watakaoisoma watajua." Nikafuta. Nikaandika kuhusu amana. Pesa ya zaka ina watu wake maalumu, makundi manane yaliyotajwa ndani ya Kurani, kwa hiyo haichanganywi na sadaka ya kawaida wala haiazimwi kulipia pengo jingine. Kazini kwangu nilikuwa nimeshawahi kukataa kulipa mishahara kwa fedha za mfadhili zilizotengwa kwa visima, hata bosi alipokasirika. Nikaisimulia kesi hiyo, kisha sentensi moja: "Mimi si Mwislamu, na utaratibu huu wa amana nauheshimu na ndio ninaoufuata." Kwenye usaili waliuliza habari za visima tu.

ChakiMkononi
Daftari, umenifungua macho. Nimeandika upya, naombeni macho yenu:

"Tangazo lenu linasema kila mtoto ana thamani mbele za Mungu. Nililelewa katika familia ya Kikristo, ingawa kwa sasa si mshiriki wa kanisa lolote. Ninachoweza kuahidi ni namna ninavyowatendea watoto: darasani kwangu matokeo ya mtihani hayasomwi kwa sauti, na anayeshindwa sehemu namrudisha hatua kwa hatua baada ya vipindi. Nitahudhuria ibada za shule kwa heshima pamoja na wanafunzi wangu."

Mzee wa Usaili
Hii ningeiita kwenye usaili. "Nitahudhuria" umelipima vizuri, hukusema "nitaongoza". Lakini jiandae, maana shule nyingine mwalimu wa zamu ndiye anayeongoza sala ya asubuhi. Ulizia mapema.

Nyuki
Mimi hiyo "si mshiriki wa kanisa lolote" ningeitoa. Hawajamuuliza.

Daftari la Hesabu
Mimi ningeiacha. "Nililelewa katika familia ya Kikristo" ikibaki peke yake, msomaji atajazia mwenyewe yaliyobaki, na atarudi kule kule kwa mchungaji.

ChakiMkononi
Ninaiacha. Kinachonisumbua sasa ni fomu yao. Ukurasa wa mwisho una tamko la imani na nafasi ya sahihi, wakati tangazo lilisema "kuunga mkono" tu. Nimewaandikia kuuliza kama sahihi hiyo inawahusu walimu wote, bado hawajajibu. Kuna aliyewahi kukutana na hili?